Kaa kwanza, Bibi, kaa

Februari ya mwaka 2024 tulimwimbia Bibi ule wimbo wa Kiingereza wa siku ya kuzaliwa, na tukaaibika wote. Binamu yangu mmoja, mwenye sauti nyembamba ya kike, ndiye aliyeanza, akaanzia juu. Mstari wa kwanza tulikwenda naye. Wa pili tukaanza kukaza shingo. Wa tatu, pale wimbo unaporuka ghafla kutoka so ya chini hadi so ya juu, oktavu nzima kwa mruko mmoja, kila mtu alishika njia yake. Watoto walipiga kelele, Mjomba akateremka chini kabisa kama gari lililokata breki, na mimi nikachezesha midomo tu bila sauti. Tulipofika mwisho Bibi alitutazama mmoja mmoja, kisha akauliza kwa upole, "Mmemaliza? Haya, na mlikuwa mnasema nini?"

Hakuna aliyemjibu. Mama Mdogo akakata keki.

Usiku ule niliapa kwamba mwaka unaofuata Bibi ataimbiwa wimbo wake mwenyewe, kwa Kiswahili, wenye mambo anayoyajua, na ambao hata Mjomba hatapotea njiani. Ilinichukua karibu miezi minne. Wimbo wenyewe hauzidi dakika moja. Nitaeleza ulivyotengenezwa, kwa sababu tangu tuuimbe nimeulizwa na watu watatu nyumba za jirani, na kueleza kwa mdomo kumenichosha.

Kwanza tarehe. Kitambulisho cha Bibi kinasema Januari 1, 1947, kama vitambulisho vya wazee wengi ambao waliulizwa tarehe wakajibu "wakati wa mvua". Nyumbani hatukuwahi kuiamini. Alichokuwa anakijua Bibi, kwa kuambiwa na mama yake, ni mambo matatu: kwamba alizaliwa Tanga siku ya Ijumaa, kwamba ilikuwa Ijumaa ya kwanza baada ya Maulidi, na kwamba baba yake hakuwepo kwa sababu alikuwa kuli bandarini Kilindini na "walikuwa wamegoma". Mgomo mkubwa wa Mombasa ulianza Januari 13, 1947, na uliendelea mpaka kuelekea mwisho wa mwezi ule. Maulidi husomwa Mfungo Sita, na kwa kalenda ya hesabu, tarehe 12 ya Mfungo Sita wa mwaka 1366 iliangukia Jumatatu, Februari 3, 1947. Mwandamo unaweza kupishana siku moja, lakini Ijumaa ni Ijumaa. Ijumaa inayofuata ni Februari 7.

Nilipompelekea Bibi hesabu hiyo hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Si niliwaambia Ijumaa?" Kilichonishangaza mimi ni kwamba Februari 7, 2025, siku ya kutimiza miaka 78, nayo ingekuwa Ijumaa.

Mjomba alikuwa na neno lake. Yeye hapendi mambo ya kuzaliwa, mishumaa na kuzima moto kwa mate. Anasema mzee huombewa dua, hapulizishwi. Sikubishana naye. Tulikubaliana kwamba kwanza itakuwa dua baada ya alasiri, kisha chakula, kisha wimbo, na mshumaa hapana. Nilimwahidi pia kwamba ndani ya wimbo hakutakuwa na neno la kumkera. Ahadi hiyo ndiyo iliyonisaidia baadaye kuliko nilivyodhani.

Nikaanza kukusanya mambo. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika ninayoyakumbuka mimi. Niliandika kwamba Bibi alisomesha watoto kwa maandazi. Nikamsomea Mama Mkubwa kwenye simu, akanyamaza, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Maandazi? Maandazi yalikuwa ya jirani yetu wa Barabara ya 12, na mama hakuwa anasemezana naye miaka miwili kwa sababu ya hayohayo maandazi. Sisi vitumbua, mwanangu. Vi-tu-mbu-a." Akanieleza kila kitu: mchele uliolowekwa jioni, ukasagwa usiku, ukakandwa na tui, hamira na iliki, na Bibi kuamka saa kumi alfajiri kupanga kaango juu ya mkaa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata neno langu lingine lilikuwa bovu. Nilikuwa nimeandika "maandazi kaangoni". Maandazi huchomwa kwenye karai. Kaango, lile lenye vishimo, ni la vitumbua. Mtu yeyote aliyekulia Ngamiani angelisikia kosa hilo kabla ya kusikia wimbo.

Tangu siku ile kila jambo nililihakikisha kwa watu wawili, na mmoja awe mtoto wa Bibi, si mjukuu. Wajukuu tunamjua Bibi aliyestaafu.

Yapo niliyoyaacha kwa makusudi. Nilikuwa na beti mbili nzuri sana juu ya Babu, nzuri kuliko zote. Mama Mkubwa akaniuliza, "Unataka ale pilau au unataka alie?" Nikazifuta. Nikaacha habari za goti lake, nikaacha shamba la Muheza lililoondoka mikononi mwetu, na nikaacha kikapu chake cha sokoni Mgandini, hicho si kwa sababu ya huzuni ila kwa sababu kila bibi duniani ana kikapu. Mstari ambao ungeweza kuimbiwa bibi wa jirani bila kubadilisha neno niliuondoa. Yakabaki mambo manne: mgomo, vitumbua, ukili aliokuwa akisuka mchana akingoja wateja, na redio. Redio lazima nieleze. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilipokuwa ikianza, nyumba nzima ya Bibi ilikuwa inanyamaza. Si watu tu. Mama Mdogo anaapa kwamba siku moja kuku alilia bandani na Bibi akatoka nje kumgombeza.

Sasa kiitikio. Hapa ndipo nilipopoteza wiki sita. Nilitaka kitu kikubwa, chenye heshima, nikaandika mstari wa mizani kumi na sita kama shairi la gazetini, nane na nane, wenye vina vya kati na vya mwisho. Nikamfundisha mpwa wangu wa miaka sita. Aliuimba vizuri mara tatu. Kesho yake nikamuuliza, "Ule wimbo wa Bibi unasemaje?" Akaniambia, "Ule mrefu?" Basi. Mtoto ndiye kipimo. Kama kesho yake haupo kinywani mwake, basi hata watu arobaini wenye njaa hawataushika.

Nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kinasemwa mbele yangu kila siku. Nyumba ya Bibi huwezi kupita mlangoni na kuondoka. Uwe umeleta ujumbe, uwe una haraka, uwe una gari linakungoja, atasema neno moja: "Kaa kwanza." Kisha chai. Amewaambia hivyo wageni, wadeni wake, mafundi bomba, na siku moja mtu aliyekuja kukata umeme. Siku niliyomwaga jina lake na lile neno kwenye karatasi, nikahesabu kwa vidole: ka-a, kwa-nza, Bi-bi, ka-a. Mizani nane kamili.

*Kaa kwanza, Bibi, kaa.*

Mama Mkubwa hakuupenda mara ya kwanza. Alisema, "Unamwambia mtu wa miaka 78 akae kwanza? Asiende wapi?" Nilikaa na swali lile siku mbili, kwa sababu lilikuwa la haki. Aliyeutetea mstari ni Mjomba, mtu ambaye sikumtarajia. Alisema hiyo ni dua. "Tunamwomba Mungu amkalishe. Na yeye mwenyewe atacheka, maana neno ni lake." Mama Mkubwa akasema haya, lakini akicheka, asipocheka utanijibu wewe.

Kuhesabu mizani ni jambo la mtoto wa darasa la tano. Kinachowaangusha wengi ni mkazo, na mimi uliniangusha. Maneno ya Kiswahili, karibu yote, mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: BI-bi, u-KI-li, vi-tu-MBU-a. Ukipiga makofi manne katika mstari wa mizani nane, kofi linaangukia mizani ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7. Mkazo wa neno ukiangukia kwenye kofi, mstari unajiimba wenyewe. Ukiangukia katikati ya makofi, ulimi unajikwaa, na mwimbaji hajui kwa nini.

Chukua ule mstari wa kikapu kabla sijautupa. Niliandika "Kikapu chako cha soko". Hesabu: ki-ka-pu-cha-ko-cha-so-ko, nane bila upungufu. Sasa upigie makofi. Kofi la kwanza linaangukia "ki", ilhali mtu husema ki-KA-pu. Kofi la tatu linaangukia "ko" ya "chako", ilhali mtu husema CHA-ko. Unajikuta unaimba "KIkapu chaKO", kama mgeni anayejifunza lugha. Ubadilishe uwe "Na kikapu cha sokoni". Mizani ni nane zilezile, ila sasa makofi yanaangukia "na", "ka", "cha" na "ko", na ki-KA-pu na so-KO-ni vimekaa vinavyosemwa. Siri ilikuwa ile "na" ndogo ya mbele. Neno la silabi mbili au nne linaingia popote kwenye mwanzo wa kofi. Neno la silabi tatu linataka kijineno cha silabi moja mbele yake, kama na, ya, cha, kwa, ndipo litulie. Nikishajua hilo, niliandika beti zote tano kwa jioni mbili.

Vina nilivifanya vyepesi. Beti mbili zinaishia kwa "ni", na najua walimu wa ushairi wanasema hivyo ni vina vya mvivu, maana nusu ya Kiswahili unaweza kuitia "ni" mwishoni. Wana haki. Lakini wimbo huu unasikika mara moja, watu wamesimama na sahani mkononi. Kina kigumu kingepotea kwenye kelele za vijiko.

Mahadhi nilisaidiwa na jirani yetu, mwalimu wa kwaya, ambaye mimi na yeye hatusali nyumba moja lakini tunakunywa kahawa kibaraza kimoja. Nilimpelekea maneno. Hakuuliza habari ya ala. Aliuliza, "Nani anaimba vibaya kuliko wote?" Nikamwambia Mjomba. "Na nani mzee kuliko wote?" Bibi. "Na mdogo?" Mpwa wangu. Akasema basi wimbo uwe wa hao watatu, wengine watajiweza. Sauti za wazee wa kike hushuka na umri, watoto hawafiki chini sana, na mwanamume asiye mwimbaji hushika sauti chache tu za katikati ya sauti yake. Kinachowaunganisha ni kipande kifupi sana. Wimbo ule wa Kiingereza unataka oktavu nzima. Wetu ukapewa sauti sita tu, kutoka do hadi la, na kiitikio kikapewa tano, do hadi so.

Kisha akanionyesha kitu ambacho sikuwa nimekiona katika mistari yangu mwenyewe. Kwa kuwa kila neno la mwisho lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi katika mstari wa mizani nane, mizani ya saba daima ina mkazo. Daima. Beti zibadilike zitakavyo, ya saba haibadiliki. Kwa hiyo noti ya juu kabisa ya mwimbishaji akaiweka hapohapo, ya saba, na ya nane ikashuka hatua moja. Mwimbishaji anaimba hivi:

do do mi mi so so la so
Ba-ba ya-ko m-go-mo-ni

Mstari unaishia kwenye so, hewani, kama mtu aliyeuliza. Kiitikio kinaujibu na kuurudisha nyumbani:

mi mi so so mi re do do
Ka-a kwa-nza Bi-bi ka-a

Angalia pale mwanzo wa kiitikio. "Kaa" ina irabu mbili sawa kwenye noti moja, mi na mi, kwa hiyo masikioni ni sauti moja ndefu. Maana yake ni kwamba aliyechelewa, aliyekuwa anatafuna, ana muda wa kuingia kabla ya "kwanza" bila mtu kumjua. Sikuipanga hiyo. Bibi ndiye aliyeipanga, alipochagua neno lake miaka mingi iliyopita.

Huu hapa wimbo wote. Mistari ya kawaida ni ya mwimbishaji, mistari ya mlazo ni ya wote.

Baba yako mgomoni
*Kaa kwanza, Bibi, kaa*
Ukafika duniani
*Kaa kwanza, Bibi, kaa*

Vitumbua kaangoni
*Kaa kwanza, Bibi, kaa*
Ada zetu mkononi
*Kaa kwanza, Bibi, kaa*

Ukasuka na ukili
*Kaa kwanza, Bibi, kaa*
Kwa mikono na akili
*Kaa kwanza, Bibi, kaa*

Saa mbili, kimya kote
*Kaa kwanza, Bibi, kaa*
Hata kuku, kimya wote
*Kaa kwanza, Bibi, kaa*

Wajukuu tumejaa
*Kaa kwanza, Bibi, kaa*
Kila kona tumekaa
*Kaa kwanza, Bibi, kaa*

Mjomba, baada ya kuusoma, alisema ubeti wa kwanza una uongo, kwani Februari 7 mgomo ulikuwa umekwisha karibu wiki mbili. Ni kweli. Ila baba yake Bibi alikuwa bado Mombasa akisubiri mshahara wa kumpatia nauli ya kurudi Tanga, na kwa hesabu ya mama aliyekuwa anajifungua, mgomo wake ulikuwa haujaisha. Nikauacha.

Mistari ni ishirini, kila mmoja makofi manne, kwa hiyo makofi themanini. Binamu yangu alilalamika kwamba Bibi ana miaka 78. Shemeji akamjibu kwamba mawili ni ya akiba. Kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, mstari mmoja huchukua sekunde mbili na nusu, na wimbo wote sekunde hamsini. Mwalimu alinionya nisiongeze ubeti wa sita. Alisema watu hufurahia kurudia walichokiweza, hawafurahii kuongezewa.

Tulifanya mazoezi mara tatu, Jumamosi tatu, nyumbani kwa Mama Mdogo. Siku ya kwanza waitikiaji walikuwa wanamkatiza mwimbishaji. Yeye yuko kwenye "mgomo-", wao wameshaanza "Kaa!" Nilidhani ni utovu wa nidhamu, kumbe ni la. Ile noti ya juu ya mizani ya saba ilikuwa inawaamsha kabla ya wakati. Dawa ilikuwa rahisi: waitikiaji ndio wapige makofi, mwimbishaji asipige. Mtu anayepiga kofi la nne kwa mkono wake hawezi kuingia kabla halijapigwa. Kosa la pili lilikuwa la watoto, walikuwa wanaimeza "m" ya "mgomoni" na "mkononi", wanaimba "gomoni", na mstari unakuwa na mizani saba na kila kitu kinateleza. Ile m ni silabi kamili, inaimbwa midomo imefungwa, kama unaonja mchuzi. Nikawaambia hivyo, mchuzi, na wakaishika.

Tatizo sugu lilikuwa la kuanzia juu. Hilo haliondoki kwa kuambiana. Mtu mwenye furaha huanzia juu, ndivyo alivyo. Mwalimu alinipa do ya kuanzia: C ya katikati kwenye kinanda, na nikairekodi kwenye simu sekunde tano. Kabla ya kuanza, mwimbishaji anaweka simu sikioni kama anayesikiliza ujumbe, anaipata, anaivumisha puani, ndipo anaanza. Kwa C, noti ya juu kabisa ni A, na Bibi anaifikia. Niliwahi kumsikia akiifikia jikoni. Wanaume wanaiimba oktavu moja chini yake bila kujua kwamba wanafanya hivyo.

Alibaki Mama Mdogo mwingine, yule wa Maskati, mtoto wa mwisho wa Bibi, ambaye miaka minane hajakanyaga Tanga. Alitaka kuimba nasi kwa simu ya video. Tulijaribu. Sauti yake ilikuwa inatufikia imechelewa karibu kofi zima, na sisi tukamngoja, naye akatungoja, mpaka wimbo ukalala chini. Watu wawili kwenye simu wanaweza kupokezana. Kuimba pamoja hawawezi, na si kosa la mtandao wa mtu, ni safari ya sauti yenyewe. Tukampa ubeti wa ukili, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akikaa miguuni mwa Bibi akimpa miyaa. Akaurekodi peke yake, mistari miwili ya mwimbishaji, akipiga makofi manne kabla na makofi manne katikati ili sisi tuingie. Sauti ile tuliiweka kwenye spika ndogo. Kazi yake siku yenyewe ikawa ni kuzima kinasa sauti cha simu yake na kulia atakavyo.

Siku yenyewe Bibi hakujua lolote, au alijifanya hajui. Dua ilisomwa baada ya alasiri. Tukala. Mjomba alikaa karibu na mlango kama mtu anayeweza kuondoka wakati wowote. Maskati ilikuwa imeshaingia magharibi, wako mbele yetu kwa saa moja, na uso wa Mama Mdogo ulikuwa kwenye skrini iliyoegemezwa kwenye jagi. Bibi alikuwa kwenye mkeka wake, ule wa rangi ya zambarau alioushona mwenyewe, na amejitanda khanga aliyoletewa asubuhi.

Mama Mkubwa ndiye alikuwa mwimbishaji. Akaweka simu sikioni. Bibi akamwambia, "Unapigiwa saa hizi? Waambie una wageni." Mama Mkubwa akavumisha puani, akaanza.

Mstari wa kwanza Bibi alikuwa anatafuta simu iko wapi. Kiitikio cha kwanza kilipotoka, watu arobaini, sauti moja, aligeuza kichwa taratibu. Cha pili akaweka mkono mdomoni. Kwenye vitumbua alitikisa kichwa kumpinga mtu ambaye sisi hatukumwona, nadhani yule jirani wa maandazi. Sauti ya Maskati ilipotoka kwenye spika, akiimba "Ukasuka na ukili", Bibi aliitazama spika, akaitazama skrini, akaitazama tena spika, na hapo mimi niliacha kupiga makofi kwa sababu nilikuwa na kazi ya kufuta macho. Kwenye kuku alicheka kwa sauti. Mama Mkubwa akanitupia jicho: ameshacheka.

Tulipofika "Kila kona tumekaa" na kuitikia mara ya mwisho, tulinyamaza. Niliambiwa turudie, na nilikuwa nimeshamwashiria Mama Mkubwa aanze upya, lakini Bibi alinyoosha mkono. Nilisahau jambo moja kumhusu mwanamke huyu: ameimba kwenye maharusi ya Tanga tangu alipokuwa msichana, na hajawahi kuimbiwa bila kujibu. Akavuta pumzi, na kwa mahadhi yaleyale ya mwimbishaji, do do mi mi so so la so, kila mkazo mahali pake, akaimba:

"Nimekaa, chai wapi?"

Mizani nane. Na kabla sijamaliza kuhesabu, nyumba nzima ilikuwa imeshaitikia, Mjomba akiwa wa kwanza, amesimama, yuko njiani kwenda kuchukua birika.